Kisa cha dakika tano kiingie dakika mbili bila kuua kicheko, nafanyaje?

#1 Mpambe_Mtarajiwa
Wakuu, salama? Jumamosi ijayo rafiki yangu anaoa na mimi ndiye mpambe wake. Kamati imenipa dakika mbili za kumsemea bwana harusi, na MC ameshaapa zikiisha anazima kipaza. Nina kisa kimoja ambacho kijiweni kila nikikitoa watu wanashika mbavu. Nimejirekodi kwa simu, kinakula karibu dakika tano. Nikikipunguza kinakuwa kama maelezo ya polisi. Kiko hivi, jina nimebadilisha:

"Basi bwana, hii ilikuwa kipindi Deo bado anakaa Tabata na yule jamaa yetu fundi friji, hajapata kazi. Ameshaanza mambo na shemeji, shemeji akamwambia Jumapili njoo Kimara wazazi wakuone. Deo akaazima pasi, akanyoosha shati jeupe, mimi nilikuwepo, tukamtania sana. Pale Ubungo akapanda daladala, sijui lilikuwa la Mbezi, ila Kimara linapita. Barabara ya Morogoro wakati huo inajengwa, vumbi si la kawaida. Akakaa na mzee mmoja, mzee yuko dirishani. Mzee akafungua dirisha, Deo akanyoosha mkono akafunga. Mzee akafungua, Deo akafunga. Mara ya tatu Deo akamwambia, 'Mzee, kama unataka upepo si upande pikipiki!' Gari zima likacheka. Mzee hakujibu. Wakashuka, Deo akapitia dukani kununua juisi ya kupeleka. Kufika ukweni, kakaribishwa sebuleni, shemeji akamwita baba yake. Kumbe ni yule yule mzee wa kwenye daladala! Deo alitamani ardhi ipasuke. Mzee akamtazama, akaenda dirishani, akafungua, akarudi kukaa. Kisha, 'Bodaboda zipo pale kona, kijana,' akamwambia, yaani aondoke, si unakumbuka alichosema kwenye gari. Mama mkwe jikoni hajui hili wala lile. Baadaye mzee akacheka, wakala wali, na leo ni marafiki, ndiyo maana tuko hapa."

Naombeni panga.

#2 Kiroboto
Siti ya mbele kabisa. Nimeleta karanga.

#3 Simu_Yangu
Mkuu, hiyo ni rahisi. Ingia kwenye ile rekodi, bonyeza kuhariri, vuta ile mistari ya pembeni ukate mwanzo na mwisho, kisha pandisha vipande viwili kwenye status.

#4 Kiroboto
@Simu_Yangu mtu anaongea ukumbini, wewe unampeleka status 😂

#5 Msema_Kweli
Kisa kizuri, ila kanuni ni moja: ondoa maelezo yote, bakiza matendo. Tabata toa, fundi friji toa, shati toa, pasi toa, vumbi toa. Anza moja kwa moja: "Deo alikaa na mzee kwenye daladala, wakagombania dirisha." Dakika moja umemaliza.

#6 Mama_Sherehe
Mdogo wangu wa #5 umepatia nusu. Fundi friji aende zake, na Tabata, na ile habari ya daladala la Mbezi. Lakini shati ukilitoa umeua kisa. Deo anafunga dirisha kwa sababu gani? Ukisema wamegombania dirisha tu, watu wanamwona kijana hana adabu kwa mzee, na ukumbini nusu ya meza ni wazee. Shati jeupe na vumbi vinamfanya awe mtu mwenye shida inayoeleweka. Kila mtu amewahi kulinda shati.

Mimi naendesha kitchen party na send-off, kwa hiyo hotuba za kufa na za kupona nimezishuhudia nyingi. Kabla hujakata chochote, tafuta kwanza neno ambalo watu watacheka likitoka. Hapa si "kumbe ni yule yule mzee". Hilo kila mtu amelijua tangu mzee alipokaa dirishani, kwa sababu visa vya aina hii tumevisikia vingi. Neno lako ni bodaboda. Ukishalijua, rudi nyuma kila sentensi uiulize: bila wewe, bodaboda itaeleweka? Inayosema ndiyo, itoke.

Halafu angalia kitu kimoja kwenye maandishi yako. Kwenye gari Deo anasema "pikipiki", sebuleni mzee anasema "bodaboda". Kijiweni mnafahamiana, inapita. Ukumbini kwenye mwangwi na sahani zinagongana, mtu wa meza ya mwisho haunganishi. Neno liwe lile lile mara zote mbili.

#7 Mpambe_Mtarajiwa
Dada umenifumbua macho. Kwani pikipiki mwenyewe Deo ndiyo alisema. Niibadilishe?

#8 Msema_Kweli
Hapo ndipo tunapoanza kudanganya watu. Kama kasema pikipiki, basi ni pikipiki. Baba mkwe atakuwa amekaa meza kuu, na huyo ndiye shahidi.

#9 Mama_Sherehe
Badilisha. Mzee hatakumbuka neno, atakumbuka aibu ya kijana.

#10 Bahari_ya_Mombasa
Hamjambo nyote. Huku kwetu ingekuwa matatu, lakini dirisha ni lile lile. Swali kwa Mama_Sherehe: kile cha kufungua na kufunga, mara moja haitoshi? Hapo kuna sekunde za kuokoa.

#11 Mama_Sherehe
Mara moja ni tukio, mara mbili watu wanaanza kutabasamu, mara ya tatu wanasubiri kitu. Wewe unataka wasubiri. Ukikata hapo umeokoa sekunde tatu na umepoteza kicheko. Ila ziseme bila nakshi: "Mzee akafungua, Deo akafunga. Mzee akafungua, Deo akafunga. Mzee akafungua." Nyamaza kidogo. Ndipo Deo aseme lake. Usiongeze "akanyoosha mkono", usiongeze "kwa hasira". Mwendo wa maneno wenyewe ndio unaochekesha.

Ningekisema hivi mimi:

"Siku Deo anakwenda kujitambulisha ukweni, alivaa shati jeupe. Kwenye daladala akakaa na mzee mmoja. Vumbi. Mzee akafungua dirisha, Deo akafunga. Mzee akafungua, Deo akafunga. Mzee akafungua. Deo akamwambia: 'Mzee, kama unataka upepo, panda bodaboda.'

Akafika ukweni, kakaa sebuleni, shati bado jeupe. Baba mkwe akatoka chumbani. Akamtazama. Akaenda dirishani, akafungua. Akakaa. Akasema: 'Kijana, pale kona kuna bodaboda.'"

Mwone yale ya "kumbe ni yule yule" hayapo kabisa. Mzee akifungua dirisha la sebuleni watu wenyewe wanajua ni nani, na mtu akijigundulia mwenyewe anacheka zaidi kuliko akiambiwa. Na bodaboda imekuwa neno la mwisho kinywani. Wewe ulisema "zipo pale kona, kijana, akamwambia". Watu wanaanza kucheka kwenye bodaboda, halafu wewe bado una maneno matano unawapigia kelele juu ya kicheko chao.

#12 Kiroboto
Nimecheka peke yangu hapa kazini, bosi kanigeukia.

#13 Babu_Mkunazini
Asalaam aleikum. Bi Mama_Sherehe kasema kweli, na hili la kujua kipi kisikatwe lipo kwenye kisa cha Abunuwasi na sufuria, ambacho kila mmoja wetu alisimuliwa. Abunuwasi kaazima sufuria kwa jirani, karejesha na kisufuria kidogo ndani yake, kasema limezaa. Jirani akafurahi, akapokea vyote viwili. Akaazima tena, safari hii hakurejesha, kasema limekufa. Jirani akaja juu: sufuria linakufaje? Kajibiwa: uliposikia limezaa mbona uliamini?

Sasa kikate utakavyo. Toa jina la jirani, toa walikuwa wanapika nini, toa siku ngapi zilipita. Lakini ukiacha kusema kuwa jirani alikipokea kile kisufuria kwa furaha, jibu la mwisho halina pa kusimama. Hiyo ndiyo nguzo ya nyumba. Katika kisa cha kijana, nguzo ni maneno ya Deo kwenye gari.

#14 Mwana_Iringa
Mimi nina mawazo tofauti kidogo na Mama_Sherehe, samahani. Ile "kumbe ni yule yule" msiitoe. Kwenye ukumbi wa watu mia tatu, wengine wanakula, wengine wanapiga picha, wengine wamefika sasa hivi. Mtu aliyekosa sentensi moja amepotea kabisa. Bora useme wazi "baba mkwe akatoka, ni yule yule mzee", wacheke mara ya kwanza, halafu dirisha na bodaboda viwachekeshe mara ya pili. Vicheko viwili kwa bei ya sentensi moja.

#15 Mama_Sherehe
@Mwana_Iringa unachosema kinafanya kazi, sikatai, ila kina gharama. Wakicheka kwenye "yule yule", lazima usubiri kicheko kishuke ndipo uendelee. Wapambe wengi wana woga, hawasubiri. Wanasema sentensi inayofuata ndani ya kicheko, dirisha halisikiki, na bodaboda inapotoka watu wanaulizana "kasemaje?". Kama mleta uzi ana moyo wa kusimama kimya mbele ya watu mpaka kicheko kianze kupungua, aiweke. Asingoje kiishe kabisa, kikishaisha ukumbi umepoa.

#16 Mwana_Iringa
Bado nasimama na yangu. Wazee wa meza za nyuma wanahitaji kuambiwa.

#17 Yaliyonikuta
Naomba niwape ya kwangu. Harusi ya binamu, nilikuwa na kisa kizuri mno. Nikamsimulia MC kabla, nikidhani namsaidia ajue cha kusema. Akasimama kunikaribisha: "Sasa anakuja mtu atakayetueleza jinsi bwana harusi alivyopiga magoti mbele ya mbuzi." Mbuzi ndiyo ilikuwa mwisho wa kisa changu. Nikasimama pale nasimulia dakika nzima kitu ambacho watu tayari wamekicheka kikaisha. Kwa hiyo mleta uzi, MC mpe jina lako na dakika zako tu. Neno bodaboda asilisikie.

#18 Kiroboto
Sasa huyo mbuzi ilikuwaje? 😂

#19 Yaliyonikuta
Mbuzi alishakufa kifo cha MC, tumwache apumzike.

#20 Jirani_Mwema
Nimefanya jaribio, msinicheke. Toleo refu la #1 nimemsomea mke wangu, Deo hamjui. Baada ya chakula nikamwambia anisimulie. Tabata hakuitaja, fundi friji hakumtaja, juisi hakuitaja, mama mkwe hakumtaja. Shati alilitaja. Vumbi hakulitaja, akasema "alikuwa anaogopa nywele zisiharibike", akabuni sababu yake mwenyewe. Na mwisho akasema: "Mzee akamwambia akapande pikipiki." Yaani bodaboda haikumfikia kabisa.

#21 Mama_Sherehe
Mpe shemeji soda. Hilo ndilo jaribio ninalowapa watu wangu. Alichosahau kikatwe. Alichojibunia mwenyewe kinaonyesha hapo pana pengo: vumbi halikumkaa kwa sababu lilikuja katikati ya maneno ya Mbezi na Kimara. Ndiyo maana mimi nimeliweka peke yake, neno moja, "Vumbi." Hebu msomee toleo fupi mtu mwingine ambaye hajasikia lolote, si yeye tena, ameshaharibika.

#22 Msema_Kweli
Haya, kwenye shati nimekubali. Ila bado: kwa nini kusema mapema "anakwenda ukweni"? Ukisema hivyo watu wanajua mzee ni nani kabla hata dirisha halijafunguliwa. Sema "Deo alikuwa na miadi, kavaa shati jeupe". Ukweni uje baadaye.

#23 Babu_Mkunazini
Waache wajue. Wakijua wanamwogopea kijana kila anapofunga dirisha. Asiyejua anasikiliza habari ya dirisha tu.

#24 Msema_Kweli
Babu, ukishajua mwisho unacheka nini?

#25 Babu_Mkunazini
Wanajua mzee ni nani, hawajui atasema nini. Ni mambo mawili.

#26 Bahari_ya_Mombasa
Mimi niko na Msema_Kweli hapo. Nimewasimulia wenzangu wawili kazini, mmoja nimemtajia ukweni mwanzoni, mwingine nimeficha. Niliyemficha aliruka kwenye kiti mzee alipofungua dirisha. Niliyemtajia alicheka polepole kuanzia kwenye daladala mpaka mwisho. Sasa kipi bora sijui, labda inategemea unataka kicheko cha namna gani.

#27 Tanga_Raha
Mnazungumza maneno tu, uso mmeusahau. Mzee Majuto alikuwa anasimama kimya, anakutazama tu, watu wanaanguka. Yeye na Mzee Ojwang, watoto wa Tanga hao, hawakuhitaji kukata wala kupunguza.

#28 Bahari_ya_Mombasa
Hapana ndugu yangu. Ojwang alikuwa wetu Kenya, tulimwona KBC miaka na miaka mpaka alipofariki 2015. Majuto ndiye wa Tanga.

#29 Tanga_Raha
Sawa, nimekupa Ojwang, niachie Majuto wangu. Alituacha 2018 na hakuna aliyeziba lile pengo. Hoja ni ile ile: pale mzee "akamtazama", mpambe naye atazame. Asiseme neno. Ageuke kidogo, afanye kama anasukuma kioo cha dirisha, akae, ndipo aseme. Akifanya kwa mkono, "akaenda dirishani, akafungua, akakaa" yote inaweza kutoka kabisa.

#30 Mwana_Iringa
Na aliyekaa nyuma ya nguzo ataona nini?

#31 Tanga_Raha
Ataona nguzo.

#32 Mama_Sherehe
Tanga_Raha, mkono sawa, lakini maneno yabaki. Mpambe ameshika kipaza mkono mmoja, maua au glasi mkono mwingine, anasukuma dirisha na nini? Na kitu kimoja zaidi: usiigize sauti ya mzee. Lafudhi ya baba mkwe mbele ya ukoo wake ni moto. Mpe sauti ya taratibu tu, ya kawaida. Kisa hiki ni salama kwa sababu anayeshinda mwisho ni mzee na anayeaibika ni rafiki yako. Ukianza kumwigiza, upande wa bibi harusi watahisi anachekwa yeye.

#33 Mpambe_Mtarajiwa
Wakuu nimerudi. Nimejirekodi na toleo la #11, polepole, na kimya nimekiacha. Imetoka chini ya dakika moja, kwa hiyo nabaki na muda wa salamu na kuwatakia heri. Dada yangu nimempigia simu nikamsimulia, akacheka pale pale kwenye bodaboda. Ila akauliza, "Halafu mzee akamkubali?" Nikajikuta namwelezea ya wali na urafiki. Sasa ile sehemu ya mwisho niirudishe?

#34 Mama_Sherehe
Usirudishe! Wako ukumbini, shela limevaliwa, keki iko mezani. Nani hajui kama alimkubali? Ukishasema bodaboda, funga mdomo, inua glasi.

#35 Mwana_Iringa
Hapo hata mimi nakubali.

#36 Dada_wa_Kamati
Nimesoma uzi wote, mna raha nyie. Mimi ni mweka hazina wa kamati za ukoo wetu kila mwaka, kwa hiyo nauliza la ratiba. Baba wa bibi harusi anaongea kabla ya mpambe au baada? Kwa sababu kisa ni chake pia, na wazee wakipewa kipaza kisa kama hicho hawakiachi.

#37 Mpambe_Mtarajiwa
Nimeangalia ratiba sasa hivi. Anaongea kabla yangu. 😭

#38 Kiroboto
Imekwisha hiyo.

#39 Yaliyonikuta
Mbuzi namba mbili.

#40 Msema_Kweli
Nina wazo. Muone mzee mapema, mwambie akuachie kisa. Halafu ukifika pale "Akakaa. Akasema:" unampelekea kipaza meza kuu, mzee aseme mwenyewe. Ukumbi utalipuka. Na hapo hata pikipiki na bodaboda hatugombani tena, atasema alichosema.

#41 Bahari_ya_Mombasa
Hiyo ni kali sana.

#42 Mama_Sherehe
Kumwona mapema na kumwomba ruhusa, naunga mkono, tena ni adabu. Lakini kipaza usimpe. Tangu nianze kazi hii sijaona mzee aliyepewa kipaza akasema maneno manne. Ataanza na "Bwana Yesu asifiwe", atawashukuru waliotoka Bukoba, atamtambua mwenyekiti wa kamati, na bodaboda itafika watu wanagawiwa keki.

#43 Babu_Mkunazini
Mimi ni mzee na nasema maneno manne yananitosha.

#44 Kiroboto
Babu, hapo tu umeshasema nane 😂

#45 Mpambe_Mtarajiwa
Ahsanteni wote. Kesho jioni nakwenda Kimara kuongea na mzee. Hili la kipaza sijaamua.